Mjengo wa Kibos: jinsi ya kujua bajeti imezidi kwa asilimia ngapi na bado unahitaji pesa ngapi kumaliza

Kila Jumapili mama watoto alikuwa ananiuliza swali moja, na kila Jumapili nalijibu vibaya. "Baba, hiyo nyumba bado inataka ngapi?" Mimi natoa simu, nachukua kwotesheni ya 2,700,000, natoa zile tumeshatuma ambazo ni 1,698,000, namwambia imebaki milioni moja na elfu mbili. Hesabu ya darasa la tatu, iko sawa kabisa, na jibu ni uongo. Siku nilikaa chini nikapiga hesabu vizuri nikapata tunahitaji 1,278,000 na hiyo ni kama hakuna kitu kingine kitaharibika.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu vya kulala, iko upande wa Kibos hapo nje ya Kisumu, na sisi tunaishi Nakuru kwa hivyo saiti naiona wikendi mbili kwa mwezi, siku zingine ni picha za WhatsApp na sauti ya fundi. Nitaonyesha vile nimepanga sheti yangu kwa simu, na nitatumia namba zangu mwenyewe. Bei zako zitakuwa tofauti, usizikopi, kopi mpango.

Kwanza safisha kwotesheni

Kabla hujalinganisha chochote hakikisha kile unalinganisha nacho kimekamilika. Mimi nilipata kwotesheni tatu na ya bei ya chini ilikuwa chini kwa sababu haikuwa na kuchimba msingi, haikuwa na mbao za fomwek za kushikilia zege ikikauka, na haikuwa na usafiri wa mawe. Hizo vitu hazipotei, utazilipa tu, ni vile utazilipa ukidhani bajeti imezidi kumbe haikuwa bajeti kutoka mwanzo. Angalia pia kama kuna VAT, maana kontrakta aliyesajiliwa anaeza kukuandikia bei bila VAT alafu invoisi ije na asilimia 16 juu, na wewe hadiwea umezoea bei ya kaunta ambayo VAT iko ndani. Alafu angalia kwotesheni ni ya lebo pekee, yaani malipo ya kazi ya fundi, ama lebo na materio. Ikiwa ni ya lebo pekee, tafuta kwotesheni ya materio kando uzijumlishe.

Ukishamaliza, igawanye kwa hatua za mjengo, si kwa vitu. Watu wengi wanaandika simiti, mchanga, chuma, mbao, alafu hawajui simiti imeisha kwa sababu gani, maana simiti inatumika kutoka msingi mpaka plasta. Mimi niko na hatua sita: Msingi, Kuta, Paa, Stima na maji, Plasta na tailizi, Milango na rangi. Sita zinatosha. Nilijaribu ishirini na mbili mwanzo nikachoka wiki ya pili.

Ile safu ya kwotesheni ukishaiandika usiiguse tena. Bei ikipanda usiiguse, fundi akibadilisha mawazo usiiguse. Ukiirekebisha kila mara ndo ilingane na ukweli, asilimia ya kuzidi itakuwa sifuri maisha yako yote.

Pili, andika malipo siku ileile

Fungua Google Sheets, tengeneza ukurasa uitwe Malipo. Safu ya A ni tarehe, B ni hatua, C ni kiasi, D ni maelezo mafupi kama "lori 2 za kokoto". Ile meseji ya M-Pesa inakuonyesha jina na kiasi lakini haikuonyeshi ilikuwa ya nini, na baada ya wiki tatu hutakumbuka kama ile 18,500 ilikuwa ya misumari na mbao ama ilikuwa ya wasaidizi. Andika jioni hiyohiyo. Ada ya kutuma ijumlishe kwa kiasi. Ni pesa ndogo lakini imetoka.

Jina la hatua liandikwe vilevile kila mara. Ukiandika "Msingi" leo na "msigi" kesho, hiyo ya kesho haitahesabiwa na sheti haitakuambia kitu. Nitarudi hapo chini na njia ya kuikamata.

Kuna kitu kimoja kinachanganya watu hapa, materio iliyobaki. Tulikuwa na mifuko ya simiti iliyobaki kwa kuta na itatumika kwa plasta. Kama iko mingi, ihamishe kwa hatua ambayo itatumika, la sivyo kuta zitaonekana ghali na plasta itaonekana rahisi. Kama ni mifuko mitatu achana nayo, usijisumbue.

Tatu, deni liwe na safu yake

Hapa ndo nilichomeka. Kuna hadiwea moja huko ambayo tulikubaliana fundi anaeza kuchukua vitu kwa daftari nilipe mwisho wa mwezi. Kichwani mwangu deni lilikuwa kama elfu arobaini. Nikaenda Jumamosi moja nikaomba daftari, nikasoma mstari kwa mstari nikiwa nimesimama kwa kaunta, ni 64,000. Haikuwa wizi, kila mstari ulikuwa na sahihi ya fundi na vitu viliingia saiti, ni mimi tu sikuwa nahesabu kitu ambacho hakijatoka kwa simu yangu.

Deni lingine ambalo watu hulisahau kabisa ni ile pesa umeshikilia ya fundi. Fundi wa kuta nilimkalia na 20,000 mpaka paa likae ndo nione kama kuta ziko sawa. Hiyo pesa iko kwa akaunti yangu na inanidanganya ni yangu. Si yangu. Kazi imeshafanywa, ni deni.

Nne, na hii ndo kazi yenyewe: "Bado" haipatikani kwa kutoa

Safu inayofuata inaitwa Bado, yaani pesa ya kumaliza hatua hiyo kutoka hapo ilipo, ukiacha zile umelipa na zile unadaiwa. Kosa la karibu kila mtu, mimi nikiwa mmoja wao, ni kuijaza kwa kuchukua kwotesheni ukatoa uliyolipa na deni. Ukifanya hivyo hatua ambayo haijaisha haitaonyesha kuzidi kamwe, mpaka siku pesa inaisha na kazi iko nusu.

Angalia paa langu. Kwotesheni 480,000, nimelipa 310,000, deni 64,000. Ukitoa unapata 106,000, na kila kitu kinaonekana shwari. Jumamosi hiyo nikapanda na fundi tukaanza kuhesabu kwa macho. Nikamuuliza mabati yanatosha? Akacheka, akaniambia, "Jaduong', upande wa nyuma si unaona anga?" Tukahesabu shiti zilizobaki, tukapima futi za feshia, ule ubao wa ukingo wa paa, na gata, tukaangalia lebo yake imebaki ngapi kwa makubaliano. Mabati ya kumalizia 45,000, feshia na gata 52,000, lebo 45,000. Jumla 142,000. Si 106,000. Tofauti ya 36,000 ilikuwa imekaa hapo juu ya nyumba kila mtu akiiona isipokuwa sheti yangu.

Kwa hivyo kwa kila hatua ambayo haijaisha, uliza maswali mawili ukiwa saiti: ni nini bado kununuliwa, na lebo imebaki ngapi. Kwa bei ya leo, si bei ya kwotesheni. Na kwa hatua ambayo haijaanza, rudi uombe bei mpya kama kwotesheni imekaa zaidi ya miezi miwili mitatu, kwa sababu nyingi zimeandikwa hapo chini kwamba zinashikilia siku 14 ama 30 tu na hakuna mtu husoma hapo chini. Nilipofanya hivyo plasta na tailizi zikapanda kutoka 470,000 hadi 505,000, lakini milango ikashuka kidogo maana nilipata fundi wa kuchomelea madirisha hapohapo Mamboleo mwenye bei nzuri.

Angalia pia lebo ya fundi dhidi ya kazi. Kama umemlipa asilimia 70 ya lebo na kazi iko nusu, Bado yako kwa karatasi ni asilimia 30 lakini ujue kuna hatari, akiondoka utalipa mtu mwingine nusu nzima.

Tano, fomula

Sheti ya pili iite Bajeti. A ni hatua, B kwotesheni, C uliyolipa, D deni, E bado, F jumla ya mwisho, G kuzidi, H asilimia. Mstari wa kwanza ni vichwa, hatua zinaanza mstari wa 2 mpaka wa 7, jumla iko mstari wa 8. D na E unajaza mwenyewe kwa mkono, zingine zinajihesabu:

```
C2: =SUMIF(Malipo!B:B,A2,Malipo!C:C)
F2: =C2+D2+E2
G2: =F2-B2
H2: =G2/B2
```

Vuta hizo nne mpaka mstari wa 7, alafu mstari wa 8:

```
B8: =SUM(B2:B7)
H8: =G8/B8
```

Ile ya B8 ivute mpaka G8. Safu ya H iweke kwa mtindo wa asilimia. Mimi yangu ilitoka hivi:

| Hatua | Kwotesheni | Nimelipa | Deni | Bado | Jumla ya mwisho | Kuzidi | % |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Msingi | 620,000 | 806,000 | 0 | 0 | 806,000 | 186,000 | 30.0 |
| Kuta | 540,000 | 547,000 | 20,000 | 0 | 567,000 | 27,000 | 5.0 |
| Paa | 480,000 | 310,000 | 64,000 | 142,000 | 516,000 | 36,000 | 7.5 |
| Stima na maji | 260,000 | 35,000 | 0 | 225,000 | 260,000 | 0 | 0.0 |
| Plasta na tailizi | 470,000 | 0 | 0 | 505,000 | 505,000 | 35,000 | 7.4 |
| Milango na rangi | 330,000 | 0 | 0 | 322,000 | 322,000 | -8,000 | -2.4 |
| Jumla | 2,700,000 | 1,698,000 | 84,000 | 1,194,000 | 2,976,000 | 276,000 | 10.2 |

Pesa ya kumaliza ni deni jumlisha bado, `=D8+E8`, 84,000 na 1,194,000, ndo ile 1,278,000. Ukitoa ile milioni moja na elfu mbili nilikuwa namwambia mama watoto unapata 276,000, ambayo ni kuzidi kwenyewe. Yaani kile nilikuwa namficha bila kujua ni kiasi chote ambacho bajeti imepasuka nacho.

Asilimia ya jumla usiipate kwa kuchukua wastani wa safu ya H. Wastani wa hizo sita ni kama 7.9 na ukweli ni 10.2, kwa sababu msingi wa laki sita na milango ya laki tatu hazina uzito sawa. Na usigawanye uliyolipa kwa kwotesheni ukaona asilimia 63 ukafurahi, hiyo inakuambia umetoa pesa ngapi, haikuambii kazi imefika wapi.

Sasa ile njia ya kukamata majina yaliyoandikwa vibaya. Weka hii kwa ukurasa wa Bajeti, chini ya mstari wa 8:

```
=SUM(Malipo!C:C)-C8
```

Ikileta sifuri uko sawa. Ikileta 18,500, kuna mstari wa 18,500 kwa Malipo ambao jina la hatua halifanani na la Bajeti, nenda ukautafute. Na ukiona `#DIV/0!` kwa safu ya H ujue umeweka hatua ambayo haina kwotesheni, kama ile choo ya nje umeongeza juzi. Hiyo acha asilimia yake tupu, lakini pesa yake ihesabiwe kwa jumla.

Sita, jua imezidi kwa nini

Asilimia 30 ya msingi ilinitisha sana mwanzo. Nikapiga hesabu ya haraka, kama kila hatua itazidi kwa 30 basi tunauza nyumba kabla ya kuingia. Lakini kuzidi si kitu kimoja. Kuna kuzidi kwa wingi, kuna kuzidi kwa bei, na kuna kuzidi ulikojiletea mwenyewe, na kila moja inakuambia kitu tofauti kuhusu pesa iliyobaki.

Chukua hadkoo, yale mawe ya kujaza msingi. Kwotesheni ilisema lori 9 za 9,000, ambayo ni 81,000. Tuliishia lori 17 za 10,000, ni 170,000. Imezidi 89,000. Igawanye hivi: lori 8 za ziada kwa bei ya zamani ni 72,000, hiyo ni ya wingi. Alafu lori zote 17 kila moja imepanda 1,000, ni 17,000, hiyo ni ya bei.

Ile 72,000 ilitoka kwa udongo. Kibos ni blak koton, ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ukijenga juu yake kuta zinachora mistari mwaka wa kwanza. Kwotesheni ilihesabu futi mbili na nusu, tukachimba tukafika nne ndo tukapata ardhi ngumu. Shimo likawa kubwa, hadkoo ikaongezeka, mawe ya msingi yakaongezeka na simiti yake na watu wa kuchimba, ndo hiyo laki moja na themanini na sita ikafika. Kontrakta alifaa kuchimba shimo la kujaribu kabla ya kuandika bei, na mimi nilifaa kumuuliza. Lakini udongo hauko kwa paa wala kwa tailizi, kwa hivyo hiyo 30 haitajirudia. Usiibebe mbele.

Ya bei ndo ya kubeba. Kama lori imepanda kwa sababu mafuta yamepanda, mchanga wa plasta nao utakuja na lori hilohilo. Hiyo ndo sababu nilirudi kuulizia bei mpya ya plasta badala ya kuacha 470,000 pale.

Na ile 36,000 ya paa? Hiyo ni mimi. Kwotesheni ilikuwa mabati ya geji 30, nikaenda kwa jirani mzee mmoja akanionyesha yake ya geji 28 ambayo ni mazito zaidi, nikabadilisha nikisimama hapohapo. Mita 240, kila mita imeongezeka 150. Fundi hana makosa, soko halina makosa. Andika pembeni "geji 28, uamuzi wetu" ndo siku mkianza kuulizana nani amekula pesa muwe na jibu.

Saba, weka ya dharura kwa kilichobaki tu

Sisi hatukuwa tumeweka ya dharura kabisa, tulikuwa wajanja sana. Saa hii nimeweka asilimia 10, lakini si ya 2,700,000. Msingi na kuta zimeshaisha, haziwezi kukushtua tena. Iweke kwa Bado pekee: asilimia 10 ya 1,194,000 ni 119,400. Deni nalo linajulikana kwa shilingi, halihitaji dharura. Kwa hivyo pesa ya kutafuta ni 1,278,000 na 119,400, jumla 1,397,400.

Tulichonacho, ukiweka sako na akiba, ni 1,100,000. Pengo ni 297,400. Hiyo ndo namba nilimpelekea mama watoto, akakaa kimya kidogo alafu akaniuliza kitu cha maana kuliko vyote nilivyoandika hapa, "Sasa ni gani inaeza kungoja?"

Tukapitia safu ya Bado mstari kwa mstari. Paa halingoji, mvua ya Machi ikiingia kwa kuta zisizo na plasta tunalipa mara mbili. Deni la hadiwea halingoji maana tukikwama hapo hakuna anayetupa hata msumari. Tailizi zinangoja, tunaeza kuingia na sakafu ya simiti laini, na rangi ya nje inangoja, na milango ya vyumba viwili vya wageni pia. Ukitoa hizo, pengo linakaribia kuisha, lakini kwa sheti hatujazifuta, tumeandika tu "baadaye" pembeni, kwa sababu bado ni pesa ya kumaliza nyumba.

Kila mwisho wa mwezi natengeneza kopi ya ukurasa wa Bajeti na kuupa jina la mwezi. Naangalia namba moja tu, F8. Mwezi uliopita ilikuwa 2,976,000, mwezi huu 2,981,000, na hiyo 5,000 naijua, ni gata moja ilianguka ikapasuka.